Risiti ya Nusaiba

"Hebu shusha tena," alisema Saida. "Pengine imejificha huko chini."

Francis akaushusha tena ukurasa, taratibu, kidole chake kikifuata mistari kwenye kioo cha kompyuta. Akaunti ya maji, nyumba ya Mtanda, jina la mteja Abdulrazak Nandonde. Machi, imelipwa. Aprili, imelipwa. Mei, imelipwa. Bili ya Juni ilikuwa shilingi arobaini na moja elfu, mia nane na hamsini, na pale ilipotakiwa kuandikwa tarehe ya malipo palikuwa peupe.

"Haipo, mama. Kwetu hatujapokea kitu."

Saida alishusha pumzi na kuuegemea ukuta mfupi wa dirisha la huduma kwa wateja. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni angedhani kasikitika. Lakini moyoni mwake kulipita kitu kitamu, kitamu kama kijiko cha asali ya nyuki wadogo, na utamu wenyewe ukamtia haya.

"Nilijua," alisema.

Alikuwa amekwisha kumwambia mama yake asubuhi ile. Jana fundi wa maji alipita nyumba kwa nyumba na karatasi za onyo: asiyelipa hadi keshokutwa saa nne, maji yanakatwa. Bi Mwanahija hakushtuka. Alikwenda chumbani, akatoa kopo la biskuti, akamwonyesha fundi risiti ya mwezi huu iliyotoka kwenye simu ya mwanawe wa Dar es Salaam. Fundi akaitazama, akasema yeye kazi yake ni kugawa karatasi, mambo ya risiti yako ofisini. Na leo, kabla ya kuja huku, Saida alisimama mlangoni kwa mama yake na kusema maneno aliyokuwa ameyanoa muda mrefu: "Siku hizi karatasi kama hizi mtu anazitengeneza kwenye simu, mama. Mwanao kakudanganya." Bi Mwanahija alikuwa anakunywa chai. Alikitua kikombe kwenye mkeka, na hakukinyanyua tena.

Kopo lile la biskuti ndilo lililokuwa likimuumiza Saida. Nusaiba, mdogo wake, aliajiriwa kwenye duka la dawa Mbagala miaka miwili iliyopita, na tangu hapo bili ya maji ya mama analipa yeye, kwa simu, kupitia benki yake. Kila akilipa hutuma picha ya risiti kwa Saida. Bi Mwanahija hajui kusoma, ila anapenda karatasi. Kwa hiyo Saida huenda steshenari, hutoa mia tano yake, huichapisha, humpelekea mama. Mama huikunja mara mbili na kuitia koponi. Mgeni akija, awe jirani au mtu aliyetoka Kilangala na mihogo yake, kopo hufunguliwa. "Huyu mwanangu mdogo," atasema Bi Mwanahija, "yuko mbali lakini hanisahau. Tazama mwenyewe."

Na Saida atakuwa hapo hapo, anaosha vyombo vya mgeni. Nyumba yake na ya mama zinatenganishwa na ua wa makuti. Yeye ndiye anayemkanda mama miguu, anayempeleka kliniki ya presha, anayemfulia. Kuosha miguu ya mzazi hakutoi risiti. Hilo alikuwa amelifikiria mara nyingi, lakini hakuna mtu wa kumwambia mambo kama hayo bila kuonekana na kijicho.

"Mama, naomba hiyo risiti tena," alisema Francis.

Francis alikuwa kijana wa Newala, mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya mtu asiyependa kuamsha watoto. Aliilaza karatasi mezani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, kisha wa pili, kana kwamba anasahihisha mtihani.

"Hapa imeandikwa tarehe nne Julai, saa moja na dakika kumi na mbili jioni. Muamala umekamilika. Jina la mteja, Abdulrazak Nandonde. Ni nani kwako?"

"Baba yetu. Marehemu. Hatujabadilisha."

"Wengi hamjabadilisha," alisema Francis bila kulaumu. Rula ikashuka. "Kiasi, ishirini na saba elfu na mia tatu."

"Soma tena hapo."

"Ishirini na saba elfu na mia tatu."

"Na bili ni ngapi?"

"Arobaini na moja, mia nane hamsini."

"Umeona!" Saida alipiga kofi dogo mezani. "Hata kudanganya hajui! Kaokota namba kichwani tu. Mwanangu, mimi nimemlea yule. Tangu mtoto anapenda kusifiwa kwa kitu ambacho hajafanya."

Mwanamke aliyefuata kwenye foleni, Stefania, muuza mitumba wa sokoni, akaingiza kichwa. "Dada, kama hiyo ndiyo dawa ya bili, nifundishe na mimi. Nina miezi mitatu sijalipa."

Watu wakacheka. Saida naye akacheka, zaidi kuliko wote.

Francis hakucheka. Alikuwa bado anaitazama ile rula. "Mimi sisemi ya uongo, sisemi ya kweli," alisema. "Bili zetu, mtu akiingiza namba ya malipo kwenye simu, kiasi kinakuja chenyewe. Yeye hakitungi. Sasa kama kingetungwa, mtu angetunga kinachofanana na bili. Ndiyo maana nataka kuangalia kwanza."

"Uangalie nini tena? Kwenu haipo."

"Kwetu haipo kwenye akaunti hii. Orodha ya malipo yote yaliyoingia, kwa namba ya malipo, iko kwa mhasibu, na mhasibu katoka kidogo. Wakati tunamsubiri, kuna jambo moja. Hii karatasi ni picha. Picha haionyeshi kama pesa ilitoka. Kinachoonyesha pesa ilitoka ni stetimenti ya benki. Huyo mdogo wako anaweza kuitoa kwenye simu yake sasa hivi, tarehe moja mpaka tarehe kumi inatosha. Kama pesa ilitoka tutaona. Na kama ilitoka ikarudi, nalo tutaliona."

Saida alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga. Simu iliita mara nne.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama anakatiwa maji kesho."

"Anakatiwa? Si nimelipa?"

"Ndivyo risiti yako inavyosema. Ofisini haipo. Wanataka stetimenti."

Nyuma ya Nusaiba mtu alikuwa anauliza bei ya dawa ya kikohozi. "Stetimenti yangu ya benki?"

"Ina siri gani? Mwenye kulipa haogopi."

"Siogopi, dada. Nashangaa tu unavyosema. Kama vile unanishika ugoni."

"Mimi sishiki mtu. Nimesimama juani kwa ajili ya bili yako."

"Haya. Natuma." Sauti ilikuwa imeshuka. "Faili lina namba ya siri, nitakuandikia. Nina mteja hapa."

Akakata. Saida akaishika simu kwa mikono miwili, akingojea. Alijikuta anaomba dua, na katikati ya dua akashtuka anaomba nini. Alikuwa anaomba isije.

Ilikuja baada ya dakika saba. Alitia namba ya siri, faili likafunguka, na kabla ya kurudi dirishani kwa Francis alisoma, kwa sababu ni nani angeacha kusoma?

Alitarajia kukuta utajiri. Miaka miwili alikuwa ameupanga utajiri wa Nusaiba kichwani mwake: mshahara wa watu wa mjini, akiba, vitu vinavyonunuliwa bila kuulizwa bei. Mstari wa kwanza ulikuwa salio la mwanzo, elfu tisa na mia sita arobaini. Tarehe moja, mshahara umeingia, laki tatu na themanini na tano. Siku hiyo hiyo, marejesho ya mkopo yametoka, laki moja na arobaini na nane. Tarehe mbili, kodi ya chumba, laki moja na nusu. Tarehe tatu, elfu arobaini kwenda kwenye namba ya simu anayoijua, ya mama. Tarehe nne, malipo ya bili ya serikali, ishirini na saba elfu na mia tatu. Chini yake, mstari peke yake, makato ya muamala, mia sita.

Salio: ishirini na nane elfu, mia saba na arobaini. Tarehe nne ya mwezi.

Alisoma mara mbili. Kisha wivu wake, ambao ulitakiwa kunyamaza hapo, ukatafuta mahali pengine pa kukaa. Kumbe anatoa na huku hana, Saida aliwaza, na hilo likamchoma vibaya kuliko lile la kwanza. Mtu mwenye nazo akitoa unaweza kusema ana nazo. Huyu je, utasema nini?

Francis alipokea simu, akailaza kando ya risiti, akarudisha rula.

"Tarehe nne hapa, tarehe nne hapa. Ishirini na saba mia tatu, ishirini na saba mia tatu. Makato yako mstari wake, hayachanganywi na bili, sawa. Namba ya muamala..." Alisoma herufi na tarakimu kwenye risiti moja moja, akahamisha macho kwenye simu, akasoma zile zile. "Zinafanana zote." Akashuka hadi mwisho wa faili, tarehe kumi. "Na haikurudishwa. Pesa ilitoka, mama, na haijarudi. Risiti hii si ya kutengeneza."

Saida aliitazama rula.

"Sasa kama imetoka benki, na kwenye akaunti yenu haipo, imekwenda mahali. Twende kwa mhasibu, naona karudi."

Mhasibu, Scholastica, alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliambiwa habari kwa maneno machache, akafungua orodha ya malipo na kusema, "Nisomee namba ya malipo iliyo kwenye risiti."

Francis alisoma tarakimu kumi na mbili, akipumzika kila baada ya tatu. Za mwisho zilikuwa sita, tatu, saba.

"Hii hapa," alisema Scholastica papo hapo. "Tumeipokea. Tarehe nne, dakika hiyo hiyo, kiasi hicho hicho, na namba ya muamala ya benki ndiyo hii. Bili imefungwa, haidaiwi kitu."

"Mteja nani?" Francis aliuliza.

"Abdulrazak Nandonde."

"Ndiyo sisi!" alisema Saida.

"Ngoja, mama. Bili ya akaunti yenu ya Juni namba yake inaishia na sita, tatu, nane." Francis alikwisha kuiandika kwenye kikaratasi. "Hii ni sita, tatu, saba. Namba moja, bili moja. Hii ni bili nyingine, akaunti nyingine, jina lile lile. Marehemu alikuwa na mita mbili?"

Scholastica akavaa miwani vizuri. "Zote Mtanda. Hii iliyolipwa imeandikwa nyumba ndogo, nyuma ya ua. Simu ya kupokea bili..." Akaitaja namba.

Ilikuwa namba ya Saida.

Baba yao alipomkatia Saida kipande cha kiwanja aolewe hapo karibu, ndiye aliyekwenda kuomba mita ya pili, na aliiomba kwa jina lake, kwa kuwa kiwanja kilikuwa chake. Alipofariki, hati zilibaki kwenye bahasha. Nani anakwenda kufuta jina la baba yake? Ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Na kwa kuwa Bi Mwanahija hasomi, namba ya simu iliyoandikishwa kupokea ujumbe wa bili zote mbili ni ya Saida. Tarehe moja ya kila mwezi meseji mbili huingia zikifuatana, jina moja, mtaa mmoja. Saida husoma namba ya akaunti, ya mama huipeleka kwa Nusaiba kama ilivyo, meseji nzima, na juu yake huandika salamu.

Lakini tarehe moja Julai haikuwa hivyo. Siku hiyo mama alikuwa amepokea kifurushi kutoka Dar kwa basi, dera la zambarau, la kitambaa kinachoteleza, na wageni watatu walikuwa wameshaliona kabla ya adhuhuri. Saida alikuwa uani anapepeta mchele wa watu hao. Meseji za maji zikaingia. Hakupeleka meseji nzima. Hakuandika salamu. Alinakili namba ya malipo peke yake, bila kusoma ni ya akaunti ipi, akaituma kavu, kama mtu anayerusha jiwe, ili Nusaiba ajue kuna mtu Lindi hafurahii.

Nusaiba alijibu kwa alama ya moyo.

Sasa Saida aliona jambo la pili likija, na alilijua kabla halijafika. Bakary, mumewe, fundi seremala, alimpa elfu thelathini za bili yao. Saida alipokwenda kwa wakala baadaye, siku ya Jumamosi, wakala alijaribu, akamwambia, "Mama, hii imeshalipwa." Akadhani Bakary kalipa kwa simu yake akasahau. Hakumuuliza. Bakary ni mtu wa kusahau, na elfu thelathini ilikuwa mkononi. Alikwenda nayo dukani akanunua dera. Si la zambarau. La kijani, lakini kitambaa ni kile kile.

Lilikuwa sandukuni, bado ndani ya nailoni.

"Mama," Francis alisema kwa sauti ya chini, "hii nyumba ndogo unaijua?"

"Ni kwangu," alisema Saida.

Scholastica alivua miwani. Saida akashukuru kwamba Stefania na foleni yake wamebaki kule nje. Francis alipanga vitu vitatu mezani: risiti, simu yenye stetimenti, na kikaratasi chake. Alivipanga kwa uangalifu, kingo zikilingana, kisha akasema kama anayezungumza navyo.

"Benki imetoa. Sisi tumepokea. Risiti imesema kweli. Kilichokosewa ni namba aliyopewa mlipaji. Ni kosa dogo, linatokea. Jina likiwa moja, simu inamwonyesha mlipaji jina, anaona ni la baba yake, anathibitisha. Kiasi kila mwezi kinabadilika, hawezi kujua."

"Nani alimpa namba?" aliuliza Scholastica, si kwa ubaya.

"Mimi."

"Aa."

"Inarekebishika," Francis akawahi. Akafungua droo, akatoa fomu ya ukurasa mmoja. "Hii ni ya kuomba kuhamisha malipo. Mlipaji aandike barua fupi kwamba amekubali, aisaini, aipige picha, na kitambulisho. Ile stetimenti na risiti uchapishe, uambatanishe. Ukileta kesho kabla ya saa nne, mhasibu anahamisha ishirini na saba mia tatu kwenda kwa mama. Mama atabakiwa na deni la..." alihesabu kwenye kikaratasi, "kumi na nne elfu, mia tano na hamsini. Na ya kwako itafunguka, itadaiwa upya."

"Mafundi wanakuja kesho saa nne."

"Naandika hapa kwamba malipo yanachunguzwa. Wakifika kwa mama watasubiri hadi saa sita. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Saida aliichukua fomu. Mlangoni alisita. "Mwanangu Francis. Pale nje nilisema maneno kuhusu mdogo wangu."

"Mimi nilikuwa nasoma, mama," alisema Francis. "Sikusikia vizuri."

Alitembea hadi Mtanda kwa miguu. Njiani alijaribu njia zote. Angeweza kumwambia mama kwamba ofisi ilichanganya, wakati ofisi ndiyo pekee ambayo haikuchanganya. Angeweza kusema ni mtandao. Mtandao hubeba lawama za watu wengi, nao haukatai. Angeweza kuilipa bili ya mama kimya kimya, kama angekuwa na arobaini na moja elfu, nazo hakuwa nazo. Na neno "kakudanganya" lingebaki pale mlangoni lilipowekwa asubuhi, na mama angelipita kila akitoka kwenda msalani.

Bi Mwanahija alikuwa amekaa barazani, mtandio umeshuka mabegani. Hakuuliza. Alimtazama tu.

"Risiti ni ya kweli, mama," alisema Saida akiwa bado amesimama.

Uso wa mama ulifunguka wote. Saida aliutazama ukifunguka, na wivu ukamrudia. Kwake uso ule ulikuwa haujafunguka hivyo hata siku moja.

"Nilijua," alisema Bi Mwanahija. "Nusaiba wangu? Nilisema, huyu mtoto hawezi. Sasa maji wanakata ya nini?"

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Kweli nusu ilikwisha kusemwa, na ile nusu nyingine hakuna ambaye angeiomba.

"Namba ya kulipia nilimtumia mimi. Nilituma ya kwangu. Kalipa maji ya nyumba yangu, si ya kwako. Mimi nimekaa wiki mbili natumia maji yake, na leo nimemwita mwongo."

Bi Mwanahija, jambo ambalo Saida hakulitarajia, akaanza kucheka, cheko la mwanamke mzee, linalotikisa mabega bila sauti.

"Kwa hiyo umelipiwa na mdogo wako."

"Usicheke, mama."

"Nisicheke! Mtu kutwa anamnunia mwenzake, kumbe anaoga maji yake." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Cheko likaisha taratibu. "Lakini asubuhi hukunichekesha, Saida. Chai yangu ilipoa."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa umefurahi. Nilikuona."

Saida akakaa chini kwenye mkeka, miguu imekunjwa, kama alivyokuwa akikaa utotoni akiharibu kitu. Alitaka kusema juu ya miguu anayoikanda, na kliniki, na mchele wa wageni. Maneno yalifika mdomoni yakawa madogo.

"Hujawahi kuniweka kwenye kopo," alisema mwishowe.

Mama alimtazama muda mrefu. "Wewe nikuweke wapi, na wewe uko hapa?" alisema, akaingia ndani. Saida hakujua kama lile lilikuwa jibu zuri au baya. Alilibeba hivyo hivyo.

Nusaiba alipokea simu mara ya kwanza tu ilipoita. Aliambiwa yote, pamoja na dera la kijani. Alisikiliza bila kukatiza.

"Sasa dada, hilo dera limekupendeza?"

"Sijalivaa."

"Livae basi. Livae, mimi nimelilipia." Alitaka iwe mzaha, lakini haikutoka hivyo. "Uliisoma stetimenti yote?"

"Yote."

"Usimwambie mama ile ya mkopo."

"Simwambii."

"Barua nitaiandika kesho asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Hapa sina karatasi nyeupe, na kitambulisho kiko nyumbani. Saa mbili utakuwa nayo. Hiyo kumi na nne inayobaki..." Akasita.

"Hiyo niachie mimi," alisema Saida haraka, na haraka ile ikamfanya ajijue: hata hapo alitaka jina lake liwe kwenye mstari mmoja wa malipo. "Bakary ana kitanda cha watu anakimalizia. Nitazungumza naye akirudi. Nitamwambia na ya elfu thelathini."

"Atakasirika?"

"Ana haki."

Walipomaliza hawakuagana vizuri wala vibaya. Nusaiba alisema, "Haya dada," na simu ikabaki wazi kidogo, kila mmoja akimsikia mwenzake anapumua, mpaka mmoja akakata.

Alasiri ilikuwa bado na mwanga mzuri. Saida aliiweka fomu juu ya kibao cha kukatia mboga, akaazima kalamu kwa jirani, akaanza kuandika kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba na kuendelea mwenyewe. Namba ya akaunti iliyolipwa kimakosa. Namba ya akaunti iliyokusudiwa. Alizisoma kwenye meseji tarakimu kwa tarakimu, kidole kikiwa juu ya kila moja, akarudia kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Jina la mmiliki wa akaunti ya kwanza. Jina la mmiliki wa akaunti ya pili. Aliandika jina la baba yake mara mbili. Kiasi. Tarehe ya muamala. Namba ya muamala wa benki, aliyoinakili kutoka kwenye risiti na kuihakiki kwenye stetimenti, kama alivyomwona Francis akifanya.

Ikafuata mistari mitatu mitupu, na juu yake neno moja: Sababu.

Aliandika "Nilituma namba". Akaitazama. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Alifikiri kuongeza kwamba meseji ziliingia pamoja. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Kalamu ilisimama hewani. Kutoka karakana ya mtaa wa pili alisikia randa ya Bakary ikipita juu ya mbao, ikienda na kurudi, kisha ikanyamaza, maana yake anafunga kazi.

Steshenari ilikwisha kufungwa, kuchapisha kungekuwa kesho, barua ya Nusaiba kesho, ofisi kesho kabla ya saa nne. Saida aliikunja fomu, mistari miwili ikiwa bado haina kitu, akaisukumia chini ya kibao isipeperuke, akainuka kwenda kumpokea mumewe.